Sivii ya stoo na ile 0.2%

Jana usiku nimebaki na sivii moja mkononi mpaka chai ikapoa. Jamaa anaomba ukaraani wa stoo, kaandika kwa wino mzito kabisa "tofauti ya stoku 0.2% tu", na tangazo letu linataka usahihi wa 98% kwa lokesheni, yaani kila nafasi ya rafu inapimwa peke yake. Ukisoma haraka unasema huyu kapita, mimi mwenyewe nilishaanza kumwekea tiki.

Ila hiyo 0.2% ikanikera, nikampigia.

"Kaka, hiyo namba mliipataje?"

"Dada, tulihesabu lokesheni 250, sistimu inasema katoni 10,000, zikapungua 20 tu."

"Zilizopungua jumla ngapi na zilizozidi ngapi?"

Akanyamaza kidogo, halafu akasema pungufu 210, ziada 190. Haya sasa. Wametoa ziada kwenye pungufu ikabaki 20, ndo 0.2% yenyewe, wakati katoni zilizokaa kinyume na sistimu ni 400. Lokesheni zilizokosewa? 20 kati ya 250, yaani usahihi ni 92%. Mhasibu akiona pungufu ya katoni 20 anapumua, lakini mtu wa kukusanya oda akienda kwenye rafu anakuta patupu, mzigo upo ila umelala rafu ya jirani, na oda ya mteja inachelewa hivyo hivyo.

Sikumwona mwongo, kwao ndo ripoti ilivyoandikwa. Nikamuuliza kama mhesabuji alikuwa anaona namba ya sistimu kabla ya kuhesabu, akasema ndiyo, karatasi ilikuwa imeshachapwa nayo. Hapo hata ile 92% naitilia shaka, maana mtu kachoka, karatasi inasema 48, anaona kama 48, anaandika 48, nani atapanda ngazi tena?

Cheti cha foklifti anacho na hakijaisha muda, ila ni cha foklifti ya kawaida, ile yenye uzito nyuma. Sisi njia zetu nyembamba, tunatumia richi traki, na cheti cha mashine moja hakimfanyi mtu kuwa amefunzwa nyingine. Hilo linafundishika, nimeliandika pembeni kwa penseli.

Kwenye tageti kaandika "katoni 600 kwa shifti", sisi tunadai mistari ya oda 70 kwa saa, mstari ni bidhaa ya aina moja ndani ya oda. Kasema mstari mmoja kwao ulikuwa kama katoni tatu, basi ni mistari 200, gawa kwa masaa saba ya kazi ukishatoa mapumziko, haifiki hata 29. Lakini katoni zao zilikuwa za kilo 20 na zaidi, zetu unabeba mbili kwa mkono mmoja, kwa hiyo hapo simhukumu.

Nimemwita Alhamisi. Nitampa lokesheni 30 na karatasi isiyo na namba za sistimu, nione analeta nini.