Sentensi tatu za wasifu, na safari ya kurudi Lupa

Kampuni ninayofanyia kazi ya utafiti wa madini walinitumia meseji wanataka wasifu wangu, sentensi tatu tu, ya kwanza misimu mingapi nimekaa porini, ya pili rekodi ya usalama, ya tatu kazi ya kukadiria mashapo, yani dhahabu iliyolala ardhini ni kiasi gani. Wakasema niwape ndani ya wiki. Mimi nilikuwa Mbeya mjini na kesho yake nilitakiwa nirudi kambini kwenye uwanda wa dhahabu wa Lupa, wilaya ya Chunya, kwenda kuangalia kori zetu, sampuli za mwamba za kutoboa, kabla mvua haijaanza, nkasema basi nitaiandika njiani.

Nilipanda kosta asubuhi sana. Kile kilima cha kutoka Mbeya kwenda Chunya wanaokijua wanajua, unapanda kwenye ukungu na baridi ya kung'ata masikio, misitu ya misonobari ya Kawetere, wamama na magunia ya viazi pembeni ya lami, halafu ukishavuka juu unaanza kushuka na kila ukishuka unavua kitu, kwanza koti, baadae sweta, ukifika Chunya umebaki na tisheti na jasho. Kwenye kosta nikajaribu ile sentensi ya kwanza, misimu. Msimu kwetu unaanza mwezi wa tano mvua zikishakatika na barabara zikishika, unaisha mwezi wa kumi na moja. Mimi Lupa nimefanya minne. Hiyo ni rahisi, nkaandika, nkaendelea.

Makongolosi nikamkuta dreva wetu na Landkruza anakunywa chai kibandani. "Shikamoo mzee." "Marahaba, umechelewa mwanangu, twende kabla jua halijawa kali." Huyu mzee amezaliwa hukuhuku na babu yake alikuja Lupa enzi za wakoloni, ule mchakamchaka wa dhahabu wa miaka ya 1930 watu walipokuwa wanachekecha mchanga wa mito. Ukitoka pale Makongolosi unaingia miombo, na mbung'o wanaifuata gari kama wamealikwa, kwahiyo vioo juu, na mtu asivae bluu wala nyeusi maana wanazipenda hizo rangi kupita kiasi.

Kama kilomita kadhaa kabla ya kambi mzee akapunguza mwendo bila kuambiwa. Pale ndipo kijana wetu alipoumia, na kila tukipita anapunguza.

Hii ndo sentensi ya pili. Lupa imejaa maduara ya zamani, mashimo ya wachimbaji wa miaka na miaka, mengine yana kina cha nyumba ya ghorofa na mengine ya mtu kusimama tu, na hayana uzio. Msimu wa kwanza tulianza kuchukua sampuli za udongo mwishoni mwa mwezi wa tano, nyasi bado zinafika kifuani. Vijana wanatembea kwenye mstari, mmoja anafuata jipiesi anaangalia skrini anahesabu hatua, na mtu anayeangalia skrini haangalii chini. Akatumbukia kwenye duara la kama mita mbili na nusu, likiwa limefunikwa na nyasi kabisa. Tulimtoa kwa kamba, kifundo cha mguu kimevunjika, na mpaka tumemfikisha hospitali jua lilikuwa limezama. Alikaa nje ya kazi miezi miwili. Aliyepanga ratiba ya kuingia porini mwezi wa tano ni mimi, naiandika hivohivo.

Sasa kampuni zinapima usalama kwa hesabu hii: idadi ya ajali zilizomfanya mtu akose kazi, zidisha kwa milioni moja, gawa kwa masaa yote ambayo watu wamefanya kazi. Sisi tulikuwa watu 40, masaa 10 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 26, yani masaa 62,400 kwa msimu. Ajali moja kwenye msimu ule inakupa 16. Ukichukua misimu minne kwa pamoja unapata masaa 249,600 na ajali ileile moja inakuwa 4. Mguu ni uleule mmoja. Na kama asingetumbukia tungeandika sifuri, wakati mashimo yapo yaleyale na nyasi zilezile. Kambi ndogo kama yetu masaa ni machache mno, hiyo namba peke yake haikuambii kama watu wako salama au wamebahatika, kwahiyo mimi nikisoma wasifu wa mjiolojia mwenzangu una sifuri huwa namuuliza masaa mangapi, na mlibadilisha nini.

Tulichobadilisha sisi ni hiki. Sampuli za udongo zikasogezwa mwezi wa saba, nyasi zikishakauka na kuungua. Wanatembea wawili, wa mbele ana fimbo ndefu na kazi yake ni chini tu, wa nyuma ndo anashika jipiesi. Kila duara wanaloliona linapigwa pointi na jioni inaingia kwenye ramani, na ile ramani ya maduara ikaja kutusaidia hata kwenye kutafuta dhahabu yenyewe maana wazee walichimba wakifuata mwamba wenye dhahabu, ukiunganisha yale madoa unauona mwamba unavyokwenda. Yule kijana alirudi, na yeye ndo aliyetufundishia wengine namna ya kutumia fimbo.

Tumefika kambini saa saba, ugali, maharage, samaki wa Rukwa, halafu moja kwa moja shedi ya kori. Kori ni zile nguzo za mwamba zinazotoka kwenye drili ya daimondi, zimepangwa kwenye trei kama mihogo, ukizimwagia maji rangi zinatoka. Nilikuwa nataka kuiona tena ile iliyonipa sentensi ya tatu.

Msimu wa pili tulitoboa kwa rigi ya RC, mashine ya kutoboa ambayo haitoi nguzo, inasaga mwamba na upepo wa kompresa unapandisha unga juu mpaka kwenye saikloni, kila mita moja inaenda kwenye mfuko wake. Ni ya haraka na bei nafuu. Shimo moja likatoa majibu mazuri, kuanzia mita 57 mpaka 69, mita 12 zenye wastani wa gramu 2.4 kwa tani. Rigi ilikuwa imelazwa ikate mwamba karibu msalaba, kwahiyo hizo 12 tukazichukua kama upana wenyewe, na mashimo ya jirani yalikuwa na sura hiyohiyo. Kile kipande cha mwamba kilikuwa mita 200 kwa urefu na 120 kushuka chini. Ukizidisha na upana wa 12 na uzito wa mwamba wa tani 2.7 kwa mita ya ujazo unapata tani 777,600, kwa gramu 2.4 ukigawa kwa 31.1, gramu za wakia moja, unapata wakia kama 60,000. Watu walifurahi, na mimi nilifurahi.

Kilichonisumbua ni daftari la shimo. Yule binti aliyekuwa anaandika rigini aliandika "mifuko imelowa" kuanzia mita ya 59. Nikarudi kwenye majibu mita kwa mita. Mita tano za kwanza, 57 mpaka 62, wastani 3.9. Halafu zikaanza kushuka kama ngazi: 1.9, 1.4, 1.0, 0.8. Halafu mita inayoanzia 66 ikaruka mpaka 2.1, ikashuka tena 1.2, 0.9. Na kwenye 72 ikaruka kidogo tena. Sita, sita, sita! Rodi za ile rigi, vile vyuma vinavyoungwa kushuka shimoni, zina urefu wa mita 6. Kila wakiongeza rodi wanazima upepo, maji yanapanda shimoni, yanaosha kuta, vipande vya mwamba wenye dhahabu vinaanguka mpaka chini, upepo ukiwashwa mfuko wa kwanza unabeba hiyo takataka na inayofuata inabeba mabaki yake. Mwamba ule wa kweli uliisha mita ya 62, huku chini ilikuwa ni dhahabu ya juu imeanguka.

Kinachouma ni kwamba sampuli zetu za kuhakiki zote zilipita. Tunaweka mfuko usio na dhahabu, tunaweka standadi yenye kiwango kinachojulikana, tunaweka dupliketi, zote safi. Ila zile zinaipima maabara, na maabara haikuwa na kosa. Dupliketi nayo imetoka kwenye mfuko uleule uliochafuka, lazima ifanane. Mfuko uliochafukia shimoni hakuna maabara itakayokwambia, utaambiwa na daftari la aliyesimama rigini, na ndo maana mimi daftari la rigini silikabidhi kwa mtu asiyeelewa anaandika nini.

Tukaomba shimo la daimondi pembeni, mita 4 tu kutoka lile. Hii kori ndo niliyokuwa nimeishika mkononi siku ile. Kwarzi nyeupe ya moshi, pairaiti imejipanga kwenye nyufa kama mistari ya daftari, mita 5, dhahabu karibu na ileile 3.9, halafu unafika mahali ambapo kidole gumba kinafunika mpaka wote, upande huu kwarzi na upande ule granaiti ngumu ya kijivu isiyo na kitu. Mita 7 za "dhahabu" zote ni hiyo granaiti. Hesabu ikarudiwa: 200 mara 120 mara 5 mara 2.7 ni tani 324,000, kwa 3.9 ni wakia kama 40,600. Theluthi nzima iliondoka na maji.

Kumwambia bosi haikuwa siku nzuri. Ila chini ya utaratibu wa JORC, ule wa Australia wa kutangaza makadirio ya madini, anayesaini ni mtu, kwa jina lake, mwenye uzoefu usiopungua miaka mitano kwenye aina hiyo ya mashapo, na jina lilikuwa langu. Kile kipande kikabaki daraja la chini kabisa, la makisio, na tokea hapo rigi ya RC ikikutana na maji tunajaribu kwanza kuongeza kompresa ikaushe, mifuko ikiendelea kulowa tunasimama, tunamalizia kwa daimondi. Inagharimu, lakini hata mashimo mengine ya kipande kile tuliyarudia hivo.

Jioni nikapanda kichuguu cha nyuma ya jiko, pale ndo mtandao unashika, nikatuma:

"Misimu minne Lupa, kuanzia sampuli za udongo mpaka makadirio. Masaa 249,600 ya kazi, ajali moja ya kukosesha mtu kazi, duara la zamani kwenye nyasi, na ramani ya maduara iliyotokana nayo. Alipunguza makadirio ya kipande kimoja kutoka wakia 60,000 hadi 40,600 baada ya kugundua uchafuzi wa sampuli zilizolowa."

Wakajibu wakaomba hiyo ya ajali na hiyo ya kupunguza nizitoe. Nikawajibu kama sentensi zinapungua basi waitoe ya kwanza.