Wasifu wa mpiga karindula umeingia kwenye mistari 4, mwishowe!

Siku tatu nzima niko kwenye kipande kimoja tu cha ukurasa wa tamasha letu hapa Lubumbashi, kile kisanduku cha maelezo chini ya picha ya msanii. Muzee wetu wa karindula, ile banjo ya pipa, alinitumia wasifu wa kurasa mbili, familia ya watoto 9, shule, zawadi, "msanii mwenye kipaji cha aina yake ambaye", hiyo "ambaye" nimeihesabu mara 7.

Kwanza nikaachia kodi ikate yenyewe:

```css
.wasifu {
  display: -webkit-box;
  -webkit-box-orient: vertical;
  -webkit-line-clamp: 4;
  overflow: hidden;
}
```

Kwenye laptopu safi kabisa, lakini kwenye simu yangu ndogo mstari unabeba herufi kama 36 hivi, basi watu wakasoma kuzaliwa na familia kisha vinukta vitatu, karindula yenyewe haikutajwa hata mara moja ju ilikuwa aya ya tatu. Hiyo kodi haifupishi kitu, inaficha mwisho tu, kwa hiyo kama jambo lako kubwa liko mwisho umeliua.

Nikaanza kukata kwa mkono. Sifa zote nje, kuzaliwa nje, kila "ambaye" ikawa nukta. Kisha nikabakiza maneno machache na hapo njo nilikosea vibaya: ili kupata nafasi nikafuta "komini ya", ikabaki "Mpiga karindula wa Kenya". Jioni Muzee akapiga simu, "Mudogo wangu, batu bananiuliza nilihamia Nairobi lini?" Niliumia sana, mutu amekulia komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, maisha yake yote na mimi nimemuhamisha inchi kwa ajili ya herufi 10. Kwa sisi wa hapa neno Kenya linaeleweka, ila ukurasa unasomwa hadi Kolwezi na Ndola, na jina la mahali lenye maana mbili usiliguse hata kama nafasi inakubana.

Hii ndiyo imebaki, herufi 138 pamoja na nafasi:

"Mpiga karindula wa komini ya Kenya, Lubumbashi. Banjo yake ni pipa lenye ngozi ya mbuzi na nyuzi 4. Jumamosi anapiga akiwa na wachezaji 5."

Nani, chombo gani, utaona nini. Nimemsomea kwenye simu neno kwa neno kabla ya kuweka, akasema sawa, sasa ni yeye.

Kuhesabu maneno kwenye Word nimeacha, maneno yetu ni marefu, "wanaomsindikiza" peke yake inakula karibu nusu mstari, bora kubandika kwenye simu ndogo kuliko zote na kuangalia kwa macho.

Leo nilipaswa kumaliza wasanii 4 waliobaki lakini nimewaza kitu: nikipata picha ya lile pipa kwa karibu, ngozi na nyuzi zionekane, sentensi ya katikati inaweza kutoka na jina la wimbo wake likaingia. Nimechaji kamera, naenda kwake sai.