Kamba na Namba Tatu

Binti yangu ndiye anayenijazia fomu ya kozi ya ukocha, ile ya leseni D ya CAF, maana macho yangu na kioo cha simu siku hizi havipatani. Jana usiku alinisomea alichoandika kwenye wasifu: "Nahodha mwenye nidhamu, aliongoza safu ya ulinzi kwa misimu minne."

Nikamwambia asome tena.

"Kwani kuna uongo, baba?"

Uongo hakuna. Misimu ni minne kweli, na safu niliiongoza. Ila neno lile "aliongoza" lilinirudisha uwanja wa Lake Tanganyika, hapo hapo ambapo Simba na Yanga walikuja kuchezea fainali ya Kombe la FA mwaka 2021. Siku ile ya fainali watu walitazama mpira. Mimi jicho lilikuwa linaponyoka kila mara kwenda upande wa kushoto wa lango, karibu na kona.

Yetu ilikuwa ligi ya mkoa tu. Tunaongoza moja bila, dakika ya themanini na kitu. Mimi namba tano, kitambaa mkononi. Namba tatu wetu alikuwa mtoto wa Katonga, miaka kumi na saba, mbio nyingi, maneno hana. Mzee aliyekuwa akitufundisha alikuwa na kamba ya nyavu, ndefu, ambayo mabeki wanne tuliishika mazoezini tukiwa tumeachana hatua nane nane. Mmoja akipanda, wote wanapanda. Ukichelewa, kamba inakuvuta. Kwa kamba ile tulijua kwenda pamoja. Lini twende, hiyo niliachiwa mimi, na amri yangu ilikuwa neno moja: "Toka!"

Namba kumi wao akapokea mpira katikati ya uwanja. Hii ndiyo sehemu ninayoiona hadi leo kama picha ya ukutani. Hakuna aliyemkaba. Viungo wetu wamechoka, wako nyuma yake. Ameshageuka, ameinua uso, anatutazama sisi. Winga wao ameshaanza kukimbia. Nami nikapaza sauti: "Toka!"

Watatu tukapanda. Namba tatu akabaki, akageuka kukimbizana na winga.

Mpira ukapita juu yetu. Nilinyoosha mkono kama tunavyofanya mabeki wote tukiumbuka, lakini mshika kibendera alikuwa sahihi. Kuotea kunahesabiwa pale mpira unapopigwa, na wakati huo winga hakuwa amempita namba tatu. Golikipa na yule mtoto, wawili hao, walitosha kumhalalisha. Goli.

Sikwenda kuokota mpira. Nilimfuata mtoto, nikamshika jezi kifuani mbele ya jukwaa zima, nikamwambia maneno ambayo binti yangu hatayaandika kwenye fomu. Dakika tano baadaye wakapita upande ule ule. Safari hii alipanda haraka kuliko sote, bila hata kuangalia. Mbili moja.

Usiku Mzee alipanga vizibo vya soda mezani. Akasogeza kimoja. "Huyu aliyepiga, nani alikuwa amemkaba?"

"Hakuna, Mzee."

"Ameinama au anatazama mbele?"

"Anatazama mbele."

Hakuongeza neno. Alivirudisha vizibo mfukoni kimoja kimoja. Mpigaji akiwa huru na uso umeinuka, beki hupandi. Unarudi, unaulinda uwazi wa nyuma. Unapanda akiwa amebanwa, au amegeukia lango lake, au mpira umerudishwa nyuma. Kati yetu wanne, aliyecheza sawasawa alikuwa mmoja, na ndiye niliyemshika jezi.

Wiki iliyofuata hakuja mazoezini. Nikaambiwa ameingia ziwani na baba yake, dagaa. Sikumfuata. Ningeweza, Katonga si mbali.

Sasa nina vijana wangu pale Gungu. Kamba ninayo, ila mbele yao ninasimama mimi na mpira. Nikiwapa mgongo wanapanda, nikigeuka na kuinua uso wanarudi, na sauti haitumiki kabisa. Sheria nyingine moja: mmoja akirudi, wote wanamfuata aliyerudi, hata kama nahodha amesema vingine. Gharama yake naijua. Kuna mechi tunarudi mno hadi mbele ya mabeki panabaki uwanja wa kuchezea harusi, na viungo wao wanapiga mashuti watakavyo.

Yule namba tatu nilimkuta Kibirizi, mwaka juzi, anauza migebuka. Mvi zimeanza. "Shikamoo, kapteni," akasema, akanipimia, akaongeza mmoja juu. Nilitaka kusema kitu, nikauliza bei.

Binti bado anasubiri. Kwenye kipengele cha uongozi wanataka mfano mmoja, mistari isiyozidi mitano.