Tafakari ya Wiki: Kabla ya Kufungua Kabati la Mama

Luka 12:13-15, Hesabu 27:1-7

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Tangu mwaka uanze, jumuiya yetu imeshazika wazazi kadhaa, na baada ya matanga kuanuliwa tunabaki kusikia habari nusunusu: fulani na dada yake hawasemeshani, fulani kabadilisha kufuli. Ukiuliza chanzo, mara nyingi si nyumba wala kiwanja. Ni cherehani. Ni doti za kanga. Ni hereni ambazo hakuna anayejua zilitoka lini chumbani. Kwa hiyo wiki hii naomba tuache mambo ya viwanja, tukae na vitu vya ndani.

Mtu mmoja alimwambia Yesu mbele ya watu, "Mwalimu, mwambie ndugu yangu anigawie urithi wetu." Yesu akakataa kuwa mgawanyi, akaonya juu ya choyo. Andiko hili limetumika vibaya katika vikao vingi vya ukoo. Dada akiuliza habari ya vitu vya mama yake, kaka anafungua Luka 12 na dada ananyamazishwa. Lakini tusome pia Hesabu 27. Mabinti watano wa Selofehadi walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, Eleazari kuhani, wakuu na mkutano wote, wakadai sehemu ya baba yao. Mungu akamwambia Musa kwamba wamesema kweli, wapewe. Kudai siyo choyo, basi. Mimi naona tofauti iko hapa: yule wa Luka alitaka mwenye mamlaka ambane ndugu yake. Mabinti wale walilileta dai lao hadharani, likiwa na sababu, likasikika na wote kwa wakati mmoja. Dai linalosemwa mbele ya wote linajadilika. Linalonong'onwa kwa mjomba, au linalotekelezwa usiku kwa bajaji, ndilo linalozaa ugomvi.

Chukueni mfano wa nyumba moja ya Tandika. Ni mfano tu, ingawa wengine mtajitambua humo. Mama alikuwa fundi cherehani, mjane. Ameacha watoto wanne: kifungua mimba wa kiume yuko Mwanza kikazi, wa pili ni binti anaishi Mbagala, wa tatu ni wa kiume yuko Gongo la Mboto, na kitinda mimba ni binti aliyebaki na mama akimuuguza. Nasema mjane kwa makusudi. Kama baba angekuwa hai, vitu vya ndani ni vya nyumba yake, na watoto hawana kikao cha kugawana chochote humo.

Kikao cha kwanza kisiwe cha kugawa. Kiwe cha kuandika tu, na wakae watoto wenyewe. Mawifi na mashemeji wapike chai, wasiudhike. Si kwamba hawana hekima, ila ndugu akikubali jambo akiwa peke yake kisha akalikataa akiwa na mwenzi wake, hakuna atakayejua anaongea na nani. Aliyeko Mwanza apigiwe simu ya video, na kila kitu kipigwe picha kitumwe kwenye kundi la familia. Mtakapoomba, ombeni kwa ufupi. Nimewahi kusikia sala ya kufungua kikao iliyosema "Bwana, waondolee tamaa waliomo humu," na kila mtu alijua anayesemwa ni nani.

Wanapoandika, waanze kwa kutenga visivyo vya mama. Hapa watu hujikwaa sana. Jokofu la nyumba hii alilinunua kitinda mimba kwa mshahara wake. Anapaswa kulisema siku hiyo, na ndugu walikubali mapema, kabla halijaonekana kama kitu alichokwapua. Sufuria mbili kubwa ni za jumuiya, zilibaki baada ya sherehe. Kapu la vitambaa kando ya cherehani ni la wateja, baadhi wameshalipa nusu: kila kitambaa kirudishwe kwa mwenyewe pamoja na fedha yake, au kimaliziwe kushonwa. Daftari la kikoba lina akiba ya mama na pia mkopo wake. Pesa ya kwenye simu na benki iandikwe bila kuguswa, hata kama mmoja anaijua namba ya siri. Hiyo, pamoja na nyumba, itapita kwa msimamizi wa mirathi atakayeteuliwa na mahakama. Na orodha yenu haitapotea bure, kwa kuwa Mahakama ya Mwanzo humtaka msimamizi apeleke taarifa ya mali na madeni ya marehemu ndani ya miezi 4. Msimamizi aliyeshika orodha yenye sahihi za ndugu wote hatatuhumiwa kirahisi. Na yeye akumbuke kwamba kuteuliwa hakumfanyi mrithi mkubwa kuliko wenzake.

Siku hiyohiyo kila mmoja aulizwe: kuna kitu mama alikwambia ni chako? Swali hili liulizwe kabla mtu hajajua nani anataka nini. Binti wa Mbagala anasema mama alimwahidi cherehani. Wenzake wakikumbuka hivyohivyo, cherehani itoke kwenye fungu, yaishe. Wasipokumbuka, hakuna haja ya kumwita mwongo. Mtu anaweza kusema tu, "Dada, mimi sikulisikia hilo, naomba tukiweke pamoja na vingine." Ahadi iliyosikiwa na mtu mmoja haikanushiki wala haithibitishiki, na kikao kinachojaribu kuithibitisha hugeuka mahakama ya kumhukumu marehemu.

Kisha waachane wiki moja, na kila mmoja aandike kwenye karatasi yake vitu anavyovitaka kweli. Mtashangaa mgongano ni mdogo kiasi gani. Katika nyumba yetu ya mfano, karatasi zinapofunguliwa, wawili tu wamegongana, tena kwenye kitu kimoja, cherehani ileile. Hapo waambiane sababu kabla ya bei. Wa Mbagala anashona, ndiyo kazi yake. Kitinda mimba hajui hata kutunga uzi. Anaitaka kwa sababu amelala miaka akisikia mlio wake chumba cha pili. Kifungua mimba kutoka Mwanza anataka iuzwe wagawane. Sababu zikishatajwa, ndugu wanaweza kuuliza jambo ambalo bei haiwezi kulijibu: nini kingekutosha badala yake? Kitinda mimba anaweza kusema atosheke na mkasi wa mama, tepu ya kupimia na kopo la vifungo, na kwamba cherehani isiuzwe nje ya familia bila yeye kuambiwa. Dada yake anaweza kulikubali hilo bila kupoteza kitu.

Vitu vyenye thamani ya fedha vitafutiwe bei ya mtumba kwa muuzaji asiyewajua, si bei ya dukani. Tuseme kitanda ni shilingi 300,000, televisheni 250,000, cherehani 200,000 na kabati 150,000. Jumla ni 900,000, hivyo fungu la kila mmoja ni 225,000. Mwenye kitanda amezidi kwa 75,000, na mwenye kabati amepungukiwa kiasi hichohicho; anampa. Mwenye televisheni amezidi 25,000, anampa mwenye cherehani. Wakikubaliana kusameheana hizo fedha ni vizuri, lakini hesabu ifanywe kwanza, mbele ya wote. Msamaha wa kiasi kisichojulikana huwa unadaiwa baadaye, kwenye harusi ya mtoto wa mtu.

Kanga, picha, hereni na vikombe vya chai visipigiwe bei. Kwa hivyo tumieni kura, na msione aibu. Mithali 18:18 inasema kura hukomesha mashindano. Kura itoe mpangilio wa kuchagua, mmoja mpaka wa nne. Kila mtu achague kitu kimoja, kisha mzunguko wa pili uanzie kwa wa nne kurudi kwa wa kwanza, ili aliyeangukia mwisho achague viwili mfululizo. Kanga zitakazobaki zina wenyewe pia: shangazi, na wale akina mama wa jirani waliomgeuza kitandani alipokuwa hawezi. Picha zipigwe upya kwa simu, kila mmoja awe nazo zote. Kitabu cha nyimbo chenye mwandiko wake kipo kimoja tu, na hapo sina kanuni. Nimeona familia inayokizungusha kila mwaka, anakuwa nacho yule anayeandaa ibada ya kumbukumbu.

Kuna dalili moja naomba msiipuuze. Katikati ya kikao ndugu mmoja anasema kwa upole, "Chukueni vyote tu, mimi sihitaji kitu." Wengi hushukuru na kusonga mbele. Mara nyingi huo siyo ukarimu. Ni mtu aliyeona hasikilizwi akaamua kuondoka angali amekaa. Hapa huwa ni yule wa tatu, wa Gongo la Mboto, ambaye hakupigiwa simu siku mama alipozidiwa. Msimsifu kwa moyo wake wa kutoa. Mwekeeni kando kitu kimoja, jina lake liandikwe juu yake, na mmoja wenu amfuate kwake baada ya siku chache amuulize kuhusu simu ile, siyo kuhusu kitu. Ugomvi wa ndugu huyu haukuanzia kwenye kabati, na mgao hata uwe wa haki vipi hautautibu.

Na kama umeshachukua kitu kabla ya orodha, labda hereni ulizozibeba siku ya msiba kwa nia njema ya kuzihifadhi, zirudishe kabla ya kikao, usingoje kuulizwa. Ujumbe kwenye kundi la familia usiwe mrefu: "Ndugu zangu, hereni za mama ziko kwangu tangu siku ya mazishi. Jumamosi nitakuja nazo ziandikwe." Wengine tumjibu "asante" tu, bila kuuliza zilifikaje kwake. Akijibiwa hivyo, wenye funguo, simu na vitambulisho vya mama nao wataona njia ya kuvileta.