Je, Ulipasua Moyo Wake?

Kila ninaposikia aya ya kwanza ya Suratul Munafiqun moyo hunishtuka. Wanafiki wa Madina walimjia Mtume (S.A.W.) wakasema, "Tunashuhudia kwamba wewe ni Mtume wa Mwenyezi Mungu." Kweli tupu. Mwenyezi Mungu mwenyewe anasema anajua kuwa Muhammad ni Mtume wake, kisha anashuhudia kwamba wanafiki hao ni waongo. Uongo wao ulikuwa kwenye kule kudai "tunashuhudia", maana walitamka wasichokiamini.

Ijumaa iliyopita hapa Kisumu imamu aliisoma sura hiyo katika rakaa ya pili. Baada ya swala kijana mmoja akasogea mbele kusilimu. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Huyu anamtaka binti tu."

Imamu alimuuliza kama kuna aliyemlazimisha. Akasema hapana. Kisha akamfafanulia taratibu: "la ilaha" inakataa kila kinachoabudiwa, "illa Llah" inambakishia Mwenyezi Mungu peke yake ibada yote. Na ukimshuhudia Muhammad kuwa Mtume, umekubali kumfuata hata pale nafsi yako inapotaka njia nyingine. Ndipo akamtamkisha shahada neno kwa neno, Kiarabu kisha Kiswahili, nasi tukaitikia takbiri.

Ule mnong'ono ulinikera. Usama bin Zaid alimuua mtu vitani baada ya kusema "la ilaha illa Llah", akidhani ameisema kwa kuogopa silaha. Mtume akamuuliza, "Je, ulipasua moyo wake ukajua kama ameisema kweli au la?" Akarudia kumlaumu hadi Usama akatamani lau angesilimu siku ile ile. Kwa hiyo aya ya wanafiki sina ruhusa ya kumpimia kijana yule. Wanafiki wale aliwafichua Mjuzi wa yaliyo mioyoni. Mimi na jirani yangu wa safu ya nyuma tunasikia ulimi tu.

Ninayeweza kumhoji ni mimi. Katika tahiyatu za swala tano za faradhi peke yake natamka shahada mara tisa kwa siku. Nikitoka hapo nikamwapia mteja wa Kibuye kwa uongo ili bidhaa itoke, nimeitii pesa pale pale nilipoambiwa nisiape uongo. Sitoki katika Uislamu kwa hilo, lakini ushahidi wangu umepata doa, na ninalijua mimi kabla ya mtu yeyote.

Tena, tuseme kweli ni binti aliyemleta. Abu Talha alipomposa Ummu Sulaim, mama yake Anas, yule mama alimwambia mahari yake ni Uislamu wake. Akasilimu, akamwoa. Siku ya Uhud watu walipotawanyika, Abu Talha alisimama mbele ya Mtume akimkinga kwa ngao yake, akimwambia kifua changu kitangulie kifua chako. Nani leo anauliza alisilimu kwa ajili gani?

Kijana wetu ameanza kufundishwa Alhamdu, kila siku baada ya alasiri.