Nilivyomwandikia mwenye hoteli pendekezo la kazi kwa awamu

Hoteli ya kwanza niliyoitengenezea tovuti ilinilipa nusu ya fedha mwanzoni, na nusu ya pili tuliandikiana kwamba italipwa "kazi ikikamilika". Kwa upande wangu ilikamilika ndani ya wiki 5, lakini picha za vyumba na bei za msimu hazikuletwa, tovuti haikufunguliwa, na kwa kuwa haikufunguliwa, mwenye hoteli alihesabu kwamba kazi haijaisha. Nusu ile sijaiona hadi leo. Kwa hiyo mzee mmoja mwenye hoteli ya vyumba 8 huko Jambiani aliponiita katikati ya masika, wakati vyumba viko vitupu na mtu ana nafasi ya kuzungumza, nilimwandikia pendekezo la kurasa 4 ambamo kila malipo yalifungwa kwenye kitu ambacho yeye mwenyewe angeweza kukishika na kukijaribu.

Gharama yote ilikuwa shilingi 6,000,000, na niliigawa katika awamu nne. Ya kwanza, asilimia 20, ilikuwa waraka wa mahitaji pamoja na michoro ya kurasa. Ya pili, asilimia 30, tovuti yenye kurasa zote katika anwani ya majaribio. Ya tatu, asilimia 35, mfumo wa kuhifadhi vyumba na kupokea malipo. Na ya mwisho, asilimia 15, makabidhiano na mafunzo kwa watu wa mapokezi.

Mzee alisoma ukurasa wa malipo, akavua miwani. "Mwanangu, fundi wangu wa nyumba simlipi kabla sijaona ukuta. Hizi 1,200,000 za mwanzo nalipia karatasi?"

Nilimjibu kwamba ramani ya nyumba nayo ni karatasi, na kwamba waraka ule ungekuwa mali yake hata kama angeamua kumpa fundi mwingine aendelee. Hapo akaelewa, kwa sababu yeye hulipa mafundi wake kwa msingi, linta na paa, na toka hapo tuliziita awamu zangu kwa majina hayo.

Awamu ya tatu ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuiandika. Akaunti ya kupokea malipo kwa kadi na kwa simu hufunguliwa kwa jina la hoteli, kwa leseni ya biashara na namba yake ya mlipakodi, na uhakiki hufanywa na kampuni ya malipo kwa mwendo wake yenyewe. Kama ningefunga malipo yangu kwenye siku ambayo akaunti hiyo itaidhinishwa, ningerudi kulekule nilikotoka. Niliandika kwamba awamu hii itapokelewa kwa jaribio katika mazingira ya majaribio ya kampuni hiyo: mzee achague chumba kwa simu yake, alipe kwa kadi ya majaribio, aone tarehe hizo zimefungwa kwenye kalenda na barua pepe imefika mapokezi; kisha watu wawili wenye simu mbili wajaribu kuchukua chumba kilekile kwa usiku uleule, na mmoja tu afanikiwe.

Niliona pia si haki kumficha udhaifu mmoja. Vyumba vyake vilikuwa tayari Airbnb, na kalenda ya huko ilikuwa iunganishwe na yetu kwa njia ya iCal, ambayo huvuta taarifa kwa vipindi, pengine baada ya saa kadhaa, wala si papo hapo. Katika pengo hilo chumba kimoja kinaweza kuuzwa mara mbili, nami niliandika hivyo waziwazi, nikishauri kwamba katika miezi ya wageni wengi vyumba 2 viondolewe Airbnb na kuuzwa kwenye tovuti yake peke yake.

Kuhusu picha na bei, kifungu kilisema kwamba zisipoletwa ndani ya siku 10 nitaweka picha na bei za kushikilia nafasi, na awamu itapokelewa hivyo hivyo. Kifungu kingine kilisema kwamba kimya cha siku 7 baada ya kukabidhiwa kazi ni kukubali. Hiki cha pili mzee alikikata kwa kalamu, akaandika 14, kwa kuwa yeye huenda Pemba kwenye mikarafuu yake na huko simu huizima. Tulitia saini.

Uhakiki wa akaunti ulichelewa kuliko awamu zote, lakini kwa kuwa jaribio la simu mbili lilikuwa limepita, fedha za awamu ya tatu zililipwa bila maneno. Baada ya makabidhiano nilituma ankara ya 900,000, nikapokea 855,000 pamoja na cheti cha kodi ya zuio ya asilimia 5, jambo ambalo safari hii nilikuwa nimeliandika kwenye pendekezo lenyewe.