Mashine za kufulia zilivyonisaidia kufundisha dampingi na hatua za kinga

Kwa muda mrefu nilikuwa nafundisha mada hii vibaya. Wanafunzi wangu ni watu wazima: maafisa wa forodha, wahasibu wa viwanda, mawakala wa mizigo. Nilikuwa naanza na jedwali ubaoni, upande mmoja ushuru wa dampingi, upande wa pili hatua za kinga, kisha vifungu vya mikataba ya Shirika la Biashara Duniani (WTO). Wananakili vizuri. Ukiwauliza baada ya chai, jibu ni lile lile: "Mwalimu, yote mawili ni ushuru wa kulinda viwanda vya ndani." Nililaumu jedwali, nikalipanga upya mara tatu, bila faida yoyote.

Tatizo lilikuwa ushauri mmoja mbovu ambao wote walikuja nao kutoka kazini: kama bidhaa ya nje inauzwa Kariakoo chini ya bei ya kiwanda cha hapa, hiyo ni dampingi. Sivyo kabisa. Bei ya kiwanda cha hapa haiingii kwenye hesabu ya dampingi. Kinacholinganishwa ni bei ambayo mzalishaji wa nje anauza kwao na bei anayotuuzia sisi. Akiuza kwao kwa dola 4 na kwetu kwa dola 4, hakuna dampingi, hata kama kiwanda chetu hakiwezi kushuka chini ya dola 6. Bei yetu huja baadaye, pale tunapothibitisha kwamba tumeumia.

Siku hizi naanza na hesabu. Ni mfano wa kutunga wa vigae, bei kwa mita moja ya mraba. Nawaambia: huko vinakotengenezwa, dukani vinauzwa dola 5.65. Bandarini Dar es Salaam, nauli ya meli na bima vikiwamo, vinafika kwa dola 4.60. Je, kuna dampingi? Darasa zima hujibu ndiyo, na mwepesi wa hesabu hutaja pengo la dola 1.05, karibu asilimia 23. Wanafurahi. Na hapo ndipo kesi nyingi za kweli huanza kufa, kwa sababu bei hizo mbili hazijasimama mahali pamoja. Moja iko kwenye rafu ya duka, nyingine iko kwenye meli.

Inabidi zote zirudishwe mlangoni mwa kiwanda. Ile ya dukani tunaitoa kodi ya ongezeko la thamani, tuseme asilimia 13, inabaki dola 5.00. Tunatoa faida ya muuzaji wa jumla na wa rejareja, senti 80, kisha usafiri wa ndani, senti 20. Inabaki dola 4.00. Ile ya bandarini tunaitoa nauli ya meli na bima, senti 50, na gharama za kutoka kiwandani hadi kupakia melini, senti 15. Inabaki dola 3.95. Pengo sasa ni senti 5. Tukigawa kwa bei ya kuuzia nje tunapata takriban asilimia 1.3. Mkataba unasema pengo likiwa chini ya asilimia 2 ya bei hiyo, uchunguzi lazima ufungwe. Kesi ya asilimia 23 imeyeyuka, na hakuna aliyedanganya.

Muda huo wa kimya darasani nauthamini sana. Kiwanda cha hapa bado kinaumia, ila muuzaji wa nje hajafanya kosa la bei. Na kama ankara yake ni ya uongo, hilo ni kosa la uthamini wa forodha, lina dawa yake nyingine, lisichanganywe na dampingi. Sasa tufanyeje? Hapo ndipo naleta mashine za kufulia.

Kesi ni ya Marekani. Kampuni ya Whirlpool ililalamika kwamba mashine za kufulia za majumbani kutoka Korea Kusini na Meksiko zinauzwa kwa bei ya dampingi. Mwaka 2013 ushuru ukawekwa. Ushuru wa dampingi hufuata nchi na mzalishaji: kila kampuni iliyochunguzwa hupewa kiwango chake kulingana na pengo lake. Ndivyo inavyopaswa, maana lengo ni kufuta lile pengo la bei na si zaidi ya hapo.

Lakini Samsung na LG, waliokuwa wakiuza mashine hizo, wana viwanda nchi nyingi. Uzalishaji wa soko la Marekani ukahamia China. Kontena zikaendelea kuingia, mashine zile zile, ila sasa nchi ya asili si Korea wala Meksiko, kwa hiyo ule ushuru haukuzigusa. Whirlpool wakalalamika upya mwishoni mwa 2015. Uchunguzi ukaenda hatua zake zote, na ushuru dhidi ya mashine za China ukaanza mapema 2017. Wakati huo uzalishaji ulikuwa tayari umehamia Thailand na Vietnam. Kila uchunguzi ulichukua zaidi ya mwaka. Kuhamisha uzalishaji hakukuhitaji kusubiri uamuzi wa mtu.

Ubaoni nachora mishale tu: Korea na Meksiko, China, Thailand na Vietnam. Kabla sijamaliza mshale wa tatu kuna mtu huwa ameshasema, "Si wafunge mlango wote?" Ndicho Whirlpool walichoomba mwezi Mei 2017: hatua za kinga. Kuanzia tarehe 7 Februari 2018, mashine milioni 1.2 za kwanza kwa mwaka zilitozwa asilimia 20, na zilizozidi hapo asilimia 50. Haikuulizwa nani anauza chini ya bei ya kwao. Isipokuwa wachache walioachwa nje, kama Kanada, kila nchi iliguswa.

Baada ya mishale hiyo masharti yanaeleweka bila jedwali. Dampingi inamuuliza muuzaji amefanya nini. Kinga inakuuliza wewe uliahidi kutozidisha ushuru gani na kwa nini huwezi kutimiza ahadi hiyo kwa sasa. Unaomba nafuu dhidi ya watu wasio na kosa, kwa hiyo lazima ulipe zaidi. Madhara ya kuthibitisha ni mazito kuliko ya dampingi. Ongezeko la bidhaa liwe la karibuni, la ghafla, kali na kubwa. Ndivyo Baraza la Rufaa la WTO lilivyosema katika kesi ya viatu ya Argentina. Muda wa kwanza usizidi miaka 4, na hatua ikizidi mwaka mmoja lazima ilegezwe kidogo kidogo. Zile mashine za kufulia zilishuka kutoka 20 na 50 hadi 18 na 45 mwaka wa pili, kisha 16 na 40 mwaka wa tatu. Ushuru wa dampingi hauna sharti la kushuka hivyo. Una miaka 5, na unaweza kuongezwa kama mapitio yataonyesha kwamba ukiondolewa dampingi na madhara vitaendelea au vitarudi.

Jambo ambalo wahasibu huliruka ni fidia. Ukiweka kinga, nchi zinazouza kwako zina haki ya kukudai nafuu mahali pengine, na mkishindwa kuelewana zinaweza kuzuia bidhaa zako. Zinalazimika kusubiri miaka 3 endapo tu ongezeko ni la wingi halisi na hatua yako inafuata mkataba. Ukiweka ushuru halali wa dampingi, hakuna wa kukudai fidia.

Na kuna gharama nyumbani. Wachumi watatu waliopima bei baada ya kinga ile walikuta mashine za kufulia zimepanda karibu asilimia 12, na mashine za kukaushia nguo nazo zimepanda kiasi kama hicho, ingawa hazikutozwa ushuru. Sababu ni kwamba watu huzinunua kwa jozi, na wauzaji waligawa ongezeko kwenye mashine zote mbili. Ukiandaa ombi la kinga, tafuta bidhaa inayouzwa pamoja na yako, kwa sababu mpinzani wako ataitafuta.

Korea iliishtaki Marekani, na Februari 2022 jopo la WTO likaikosoa Marekani. Moja ya hoja ni ile watu wengi huiandika kwa mstari mmoja mwishoni mwa ombi: matukio yasiyotarajiwa. Unatakiwa uonyeshe, kabla ya kuweka hatua, ni tukio gani ambalo wajumbe walioahidi viwango vya ushuru hawakulitarajia, na jinsi ahadi hiyo ilivyokufunga mikono bidhaa zilipofurika. Ukiruka hapo, takwimu zako zote nzuri za hasara hazitakuokoa. Mimi huwaandikisha ukurasa huo kwanza, hata kabla ya jedwali la uagizaji.

Ukurasa huo ndio uliozaa swali bora nililowahi kuulizwa. Mama mmoja wa kiwanda cha vyombo vya plastiki aliuliza: "Mwalimu, na kama hatukuahidi?" Nilimshukuru mbele ya darasa. Tanzania, kama Kenya na Uganda, imejifunga WTO kwa sehemu ndogo tu ya bidhaa, nyingi za kilimo. Kwa bidhaa nyingi za viwandani hakuna kiwango cha juu tulichoahidi huko, kwa hiyo hakuna ahadi ya kuomba kupumzishwa. Kinachotufunga ni ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na njia ya kuubadili kwa muda ni kupitia Baraza la Mawaziri la Jumuiya kila msimu wa bajeti, ambapo nchi huomba kiwango tofauti kwa mwaka mmoja kisha kikachapishwa kwenye Gazeti la Jumuiya.

Kwa hiyo nikamwambia afungue kwanza orodha ya ahadi za nchi WTO, atafute namba ya forodha ya bidhaa yake. Kama haipo, asitumie fedha kuandaa ombi la kinga la WTO. Aandike kwa wizara kabla ya vikao vya bajeti. Kama muuzaji mmoja kweli anauza chini ya bei ya kwao, mlango wa dampingi uko wazi hata bila ahadi yoyote. Kinga hubaki na kazi pale palipo na mkataba uliofuta ushuru. Ndiyo maana sukari ya Kenya ililindwa kwa kinga ya COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, si ya WTO: ahadi iliyokuwa inaibana Kenya ilikuwa ile ya kuingiza sukari ya wanachama wa COMESA bila ushuru. Kinga hiyo ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikaongezwa mara kwa mara kwa zaidi ya miaka 20. Yule mama alihesabu kwa vidole, akauliza ile miaka 4 ilikwenda wapi, nikafungua somo la pili.